Barua Niliyoandika kwa Niaba ya Kioo

Barua yenyewe ilikuwa ya mistari minne tu. Niliiandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya jiwe la kaunta ambalo halijakauka, na kona moja ikalowa. Mpaka leo kona ile imekunjamana ndani ya faili. Nimeiona kwa macho yangu.

"Mimi fundi mkuu wa kikosi cha kwanza, pamoja na mwenzangu, tunaomba siku yetu ya kupimwa kifua Jumatano iahirishwe, kwa sababu ya kazi ya hoteli inayotakiwa kwisha Ijumaa." Nikasaini. Saini moja, yangu.

Huyo mwenzangu ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa mwisho. Karakana nzima inamwita Kioo, maana jiwe likipita mikononi mwake unaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Mimi nakata kwa msumeno mkubwa unaomwagiwa maji, yeye anasugua kingo kwa grainda ya mkono. Tumefanya kazi hivyo miaka saba. Na kwetu pale, fundi mkuu ndiye anayesainia kikosi chake. Glavu zikija, nasaini mimi. Saa za ziada, nasaini mimi. Kioo akitaka likizo, ananiambia, naandika, nasaini. Hakuna aliyewahi kuhoji utaratibu huo, na mimi ndiye niliyeupenda kuliko wote, maana ulinifanya nijione mkubwa.

Wiki ile tulikuwa tunakimbizana na kaunta ya mapokezi na ngazi za ukumbi wa hoteli mpya. Ufunguzi Jumamosi, wageni wamekwisha alikwa. Bosi alikuja asubuhi ya Jumatatu, hata salamu hakutoa. "Ijumaa jioni nataka jiwe la mwisho liwe limeshikana. Likikosekana, kazi za kampuni ile tuzisahau, na baadhi yenu tuagane." Alipoondoka nikatazama kalenda ukutani. Jumatano ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu: mimi na Kioo, kliniki ya wafanyakazi, ng'ambo ya pili ya mji. Kupiga picha ya kifua, kupuliza kwenye ile mashine ya pumzi, kumsubiri daktari. Siku nzima imekufa hiyo. Nikasema, potelea mbali, kifua hakina miguu, hakitakimbia.

Nikaipeleka barua kwa mama wa utumishi, yule mnene mwenye miwani ya kamba, anayejua birthdei ya kila mtu. Aliisoma mara mbili.

"Fundi, hiki kipimo ni cha lazima. Kila anayefanya kazi kwenye vumbi la mawe lazima apimwe. Si jambo la kupenda."

"Mama, sijasema hatutaki. Nimesema baadaye."

"Nikiwaondoa Jumatano, mnaingia foleni upya. Nafasi hawana." Akapiga simu kliniki nikiwa nimekaa palepale, akasikiliza, akafunika simu kwa mkono. "Wiki kumi na moja."

"Wiki kumi na moja si mwaka."

Alinitazama juu ya miwani. "Na mwenzako amekubali?"

Nikajibu bila kupepesa macho. "Amekubali."

Sikuwa nimemuuliza. Wala haikunijia kwamba kulikuwa na jambo la kuuliza. Hata mama yule hakudai saini ya pili, kwa sababu na yeye alizoea glavu na likizo zinazokuja na saini yangu tu. Alinipa karatasi ya majibu yenye mhuri. Ilisema ombi limekubaliwa, na kwamba mpaka tupimwe, hakuna kusugua jiwe kavu, ni kwa maji tu, na barakoa ya vichujio muda wote. Niliisoma yote. Nikaichomeka nyuma ya boksi la swichi za msumeno, na pale ikakaa.

Mchana Kioo akaniuliza, huku anafuta grainda yake na kitambaa. "Shemeji, Jumatano si ndiyo siku yetu ya kifua?"

"Imeahirishwa."

"Na nani?"

"Ofisi."

"Ah! Mke wangu ataniua. Alikuwa anahesabu siku." Akakohoa, kile kikohozi chake cha kavu, kisha akacheka. "Basi, wakubwa wamesema."

"Unakohoa kama mzee, wewe. Fanya kazi."

Lahaula! Hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Kaunta ilipofika hotelini ikaonekana kingo mbili hazikutani. Zulia la ukumbi lilikuwa limekwisha tandikwa, na msimamizi wa pale akatuambia tone moja la maji likianguka tunalilipa. Basi Kioo akasugua kavu, siku mbili, kwenye chumba ambacho madirisha yake yamebandikwa nailoni. Vumbi lilikuwa zito hadi nikawa namwona miguu tu. Barakoa yenye vichujio ilikuwa moja, ya kwake, na vichujio vyake vilikwisha ziba tangu mwezi uliopita. Kuagiza vipya kulihitaji saini, na mwenye saini alikuwa na haraka. Mimi nilisimama mlangoni, kwenye hewa, nikimhimiza.

Ijumaa saa kumi na moja tukamaliza. Saa kumi na mbili bosi akapigiwa simu. Ufunguzi umesogezwa wiki tatu, lifti hazijafika. Simu moja tu, hata dakika mbili haikuchukua, wenye hoteli wakaahirisha siku yao na dunia haikuanguka. Nilicheka siku hiyo. Nilidhani ni jambo la kuchekesha.

Baada ya hapo zikaja kazi nyingine, jikoni za watu, mabafu, na karatasi yenye mhuri ikabaki nyuma ya swichi. Kwenye wiki ya sita Kioo alianza kupumzika katikati ya ngazi. Wiki ya nane alikuwa anaacha chai ipoe kwa sababu hawezi kunywa na kuhema kwa pamoja. Mdogo wangu alinikabili nyumbani kwao, ungo mkononi. "Kaka, hiyo ofisi yenu ina roho gani? Mtu anakohoa usiku kucha, wao wanaahirisha!"

"Ofisi bwana," nikasema. "Utawafanya nini?"

Wiki ya kumi na moja tukaenda. Picha yangu ilikuwa safi. Daktari alinionyesha, akasema maji ya msumeno yamenisaidia. Kisha akamwita Kioo, akakaa naye muda mrefu, akamtoa makohozi kupima kifua kikuu, akatuita tena wiki iliyofuata. Kifua kikuu hakikuwepo. Ilikuwa vumbi la mawe. Mapafu yamejaa makovu, akasema, na makovu hayo hakuna dawa ya kuyafuta. Asiguse vumbi tena maisha yake yote, na hata asipogusa, yanaweza kuendelea yenyewe.

"Tungekuja ile tarehe ya kwanza?" Kioo aliuliza.

"Ningekutoa kwenye vumbi siku hiyohiyo," daktari akasema. "Ungekuwa bora kiasi gani, siwezi kukudanganya. Sijui."

Hilo neno *sijui* limenikaba. Angesema zimekuua wiki kumi na moja, ningejua nabeba nini. Angesema hazikubadili kitu, ningelala. Sasa nabeba kitu ambacho hata uzito wake sijui, na siku mbili zile za kusugua kavu zimo humohumo.

Mdogo wangu ndiye aliyekwenda ofisini kufuatilia fidia ya mumewe. Mama wa utumishi akafungua faili, akatoa karatasi, akaisukuma mezani kwa huzuni. "Mwanangu, bosi anasema kuchelewa kupimwa si kosa la kampuni. Wameahirisha wenyewe. Na masharti tuliwapa kwa maandishi."

Hata bila saini angejua. Mimi ndiye niliyemshika mkono akijifunza kuandika, na *k* yake ina mkia kama yangu.

Siku hiyohiyo bosi aliniita pembeni, akanipiga bega. "Ile barua yako imetuokoa, fundi. Tuko pamoja." Nilisimama nikaitikia kwa kichwa kama mjinga. Nilikuwa sijui bado kwamba mdogo wangu ameiona.

Alinikuta kwenye msumeno. Hakupiga kelele, na mimi ningeomba apige. Alifika kwenye boksi la swichi, akazima msumeno mwenyewe, karakana ikanyamaza.

"Ulisema ni ofisi."

Nikavua glavu.

"Alikuuliza, na ulimwambia ni ofisi. Nilikuuliza mimi, kaka, ukaniambia ofisi." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka. "Ulijua kumwandikia ile. Jioni uje umwandikie nyingine."

Nilikwenda. Kioo alitoka chumbani hadi mezani, hatua labda tisa, akasimama mara moja katikati ameshika kiti. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaandika yote: kwamba barua ni yangu, kwamba hakuulizwa, kwamba sharti la maji nililisoma mimi nikalificha nyuma ya swichi, kwamba aliingia kwenye chumba cha nailoni kwa amri yangu, tayari anakohoa, na vichujio vilivyoziba. Nilijua ikifika kwa mkaguzi wa kazi wa serikali, bosi hatanipiga bega tena. Miaka kumi na tisa pale imekwisha, na haikunitisha hata kidogo. Ilionekana ndogo. Sikuona hata kama inalipia chochote, maana makovu hayasomi barua.

Nilimsomea. Alisikiliza amefumba macho.

"Hapo uliposema nilikuwa nakohoa, andika tangu lini."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Wewe ndiye uliyekuwa unaniita mzee."

Nikaandika. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, ametupa mgongo. Nikamsogezea Kioo kalamu asaini mwenyewe chini ya jina lake. Akaandika polepole, herufi nzuri, kisha akakaa na kalamu mkononi akitafuta pumzi ya kusema.

"Ungeniuliza tu, shemeji," akasema. "Ningekataa. Ungekasirika siku mbili, basi."

Nikaikunja barua nikaiweka mfukoni. Hakuna aliyeniambia kaa ule, nikaaga nikatoka. Asubuhi saa mbili niliipeleka kwa mkaguzi.