Kipimo cha Boga

Mfamasia alinunua vitabu vitatu kuhusu kulisha watoto wadogo, akavisoma kama alivyozoea kusoma maelezo ya dawa: alikwenda moja kwa moja kwenye jedwali la vipimo. Dibaji aliziruka.

Mwanawe alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nyumbani walimwita Jaji, kwa sababu kila kijiko kilichomfikia alikichunguza kwanza, kisha akakitolea hukumu. Wali na yai viliachiwa huru. Karoti, maharage na boga vilitupwa sakafuni, bila nafasi ya kukata rufaa. Kliniki walisema uzito wake unapanda vizuri. Mfamasia, mama yake, hakutulia. Mtoto asiyegusa mboga alimwona kama kazi aliyoiharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Jedwali lilitaja vijiko vya mboga kwa kila mlo. Mfamasia alichukua kile kijiko cha plastiki kinachouzwa na chupa za dawa ya maji, akachota boga lililopondwa, akalisawazisha kwa kisu. Dozi ni dozi, lazima iishe.

"Mwanangu," bibi yake Jaji akauliza kutoka upande wa pili wa meza, "unamlisha au unamtibu?"

"Nafuata kitabu, Mama."

"Basi kitabu kije kimshike kichwa. Mimi mikono imechoka." Akamgeukia mjukuu wake aliyefumba mdomo kama kopo lililochomelewa kifuniko. "Na wewe mume wangu, usinitazame hivyo. Mimi shahidi tu."

Boga liliishia kwenye nywele. Kama kawaida, mfamasia alimpa Jaji chupa ya maziwa ili asilale na njaa, na asubuhi akampa nyingine kwa kuwa jana hakula.

Mchana huo alikuja dukani fundi rangi, vidole vikiwa vyeupe hadi kwenye kucha. Alitaka dawa ya kumpa binti yake hamu ya kula.

"Anacheza?" mfamasia akauliza.

"Hatulii hata kidogo, dokta."

"Anaharisha? Ana homa? Uzito unashuka?"

"Hapana. Kadi yake iko vizuri. Ila chakula hataki."

"Asipokula mnampa nini?"

"Maziwa. Na mengine katikati ya milo, akilia."

"Tumbo la mtoto ni dogo. Mkilijaza maziwa, chakula kikae wapi? Dawa ya hamu sikuuzii, binti yako si mgonjwa. Mpeni maziwa kwenye kikombe, kidogo, baada ya chakula. Na msimlazimishe."

Fundi alimtazama kwa heshima. "Wako bila shaka anakula kila kitu."

Mfamasia alinyoosha foleni ya visanduku iliyokuwa imenyooka tayari. "Wangu hali."

"Ee! Kumbe utaalamu huo ni wa watoto wa wenzio tu?" Fundi akacheka, akaondoka bila dawa.

Mfamasia alikuwa akimwambia kila mteja jambo moja: usitumie kitu kabla ya kusoma maelezo yake yote. Aliporudi nyumbani alifungua vitabu vyake mwanzo kabisa. Vyote vitatu vilikubaliana. Vipimo vya kwenye jedwali ni vya kupakua, si vya kumaliza. Mzazi huchagua chakula, saa na mahali. Mtoto huamua ale kiasi gani, au asile. Chakula kigeni kinaweza kukataliwa mara kumi na zaidi kabla hakijakubaliwa, na mtoto hujifunza kwa kuwaona wenzake mezani wakikila.

Alirudisha kijiko cha dawa kabatini. Chupa za maziwa alizigawa.

Kuanzia hapo boga lilikatwa vipande laini vya kushikika, kimoja au viwili pembeni mwa wali, na wote watatu wakala chakula kilekile. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyebembeleza. Jaji alitupa. Kipande kikaokotwa bila neno, na mlo uliofuata kingine kikawekwa.

"Leo nimemeza maneno mengi kuliko wali," bibi alilalamika.

Wiki zilipita hivyo. Siku moja Jaji aliacha sahani yake, akanyoosha mkono kwenye sahani ya bibi, akachukua kipande cha boga. Alikigeuza. Akakitia mdomoni, akakitema kiganjani, akakikagua upya, akakirudisha. Akameza.

Bibi alifungua mdomo apige kigelegele. Mfamasia alimgusa goti chini ya meza, kisha yeye mwenyewe akaendelea kula, mgongo umenyooka, macho kwenye sahani yake. Hakuwahi kujivunia hivyo hata siku alipopokea shahada.

"Ingine," Jaji akasema.

Mama yake hakushika kijiko. Alisogeza bakuli la boga mpaka mtoto akalifikia mwenyewe.

"Sasa naruhusiwa kushangilia?" bibi akanong'ona.

"Akishashuka kwenye kiti."

"Si nilisema mume wangu mla boga?"

"Hukusema hivyo hata mara moja, Mama."

"Nilikuwa nimekatazwa kusema."