Pigo Lililoachwa Wazi

Wimbo wa miaka mia ya shule yetu ulikuwa na beti tatu na viitikio viwili, na kiitikio kimoja kilikuwa lazima kife.

Cha kwanza kilitungwa na Losaline. Cha pili kilitungwa na Vaimoana. Baba zao walikuwa ndugu, na wao wenyewe walilelewa nyumba moja, na hapa Tonga hilo linatosha kuwafanya dada. Babu yao ndiye aliyekuwa punake, mtunzi wa kijiji, na tangu afe hakuna aliyeitwa kwa jina hilo. Mwenye kiitikio kitakachoimbwa siku ya sherehe ndiye angeitwa. Losaline alilitaka jina hilo tangu hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Vaimoana, kwa kadiri Losaline alivyojua, hakuwahi kutaka chochote. Vitu vilimjia tu, kama paka wa watu.

Mwamuzi alikuwa shangazi yao, Kalolaine. Kwetu dada wa baba akisema, watoto wa kaka zake hunyamaza. Shangazi alikataa kusikiliza nyimbo kanisani. Alisema kanisani watu hukaa wakiwa wameshaamua kusifu. Akawaleta ukumbini, tulikokuwa wanawake kumi na kitu tumekaa pande mbili za meza ndefu, tukisugua rangi ya koka juu ya ngatu, nguo yetu ya magome. Akatuambia tuendelee na kazi.

Losaline aliimba kwanza. Viitikio vyote viwili vilikuwa maswali, na chake kilikuwa hiki:

*Je, ipo nuru tamu kuliko nuru ya nyumbani?*

Sauti yake ilipanda kwenye neno "nuru" na kushuka taratibu. Tulipiga kelele za mālie, neno letu la kumsifu mwimbaji, kila alipolirudia. Fusi aliyekuwa pembeni yangu alisema mālie tatu kwa mpigo huku akichovya kitambaa kwenye rangi. Losaline alikaa chini akijua ameshinda.

Kisha Vaimoana, kwa sauti yake nyembamba isiyo na mapambo. Ubeti wa kwanza ulihusu siku ya kwanza ya shule, na mwishoni aliuliza:

*Nani alikuamsha?*

Akanyamaza kwa pigo moja zima la wimbo. Hakuimba, hakuvuta hewa kwa sauti. Ubeti wa pili ulihusu asubuhi ya kimbunga, shule ilipopoteza paa. Nani alikuamsha? Pigo tupu. Ubeti wa tatu, asubuhi ya kwenda ng'ambo kuchuma matunda, mabegi yako mlangoni. Nani alikuamsha?

Hakuna aliyesema mālie. Losaline alitutazama mmoja mmoja na karibu acheke. Lakini Bibi Temaleti, aliyekuwa mwisho wa meza, alikuwa ameinua kitambaa chake hewani na rangi ilikuwa inadondoka mahali pasipo na mchoro.

"Luseane," alisema, si kwa mtu yeyote. "Alinivuta kidole cha mguu."

Shangazi akasema kitakachoimbwa ni cha Vaimoana.

Losaline alisahau kunyamaza. "Shangazi, hawakusema mālie hata moja. Umesikia hata moja?"

"Wakati wako, mikono ilisimama?"

"Kwa nini isimame?"

"Ndiyo hivyo. Swali lako jibu lake ni hapana. Ni hapana ubeti wa kwanza, ni hapana ubeti wa tatu, na umeshalijibu wewe kabla sijafungua mdomo. Nimebakiwa na kazi gani? Kukusifu. Nikakusifu. La mwenzako ubeti wa kwanza lilinidai jina, wa pili likanidai jina jingine, na akaninyamazia nilitafute."

Fusi alicheka. "Pole, Losa. Mimi nilisema mālie nikiwa nawaza chumvi ya chakula cha jioni."

Shangazi aliona uso wa Losaline, na pengine alitaka kumfariji. Akampa kazi ya kupanga sauti za kwaya, kwa kuwa hakuna anayepanga sauti kijijini kama yeye. Hapo ndipo wivu wake ulipopata ufunguo wa mlango.

Hakugusa hata neno moja la dada yake. Alichogusa ni pigo tupu. Pale Vaimoana alipoacha kimya, Losaline aliwawekea wanaume wa sauti nzito "ooo" ndefu iliyoanzia chini na kupanda hadi ikutane na wanawake. Ilikuwa nzuri kiasi cha kutia uchungu. Siku ya mazoezi tulikuwa bado tunamalizia ngatu yetu kwenye kona ya ukumbi, na Losaline aliiongoza kwaya akitutazama sisi, si wao.

*Nani alikuamsha?* Ooo. Mālie! Mikono yetu iliendelea kusugua. Bibi Temaleti alisema mālie pia na kuomba rangi zaidi.

Swali lilikuwa lilelile, herufi kwa herufi, na lilikuwa limekufa. Kabla mtu hajaanza kutafuta, wimbo ulishamwambia kwamba haulizwi. Losaline aliona jinsi lilivyokufa na akahisi utamu kooni. Sasa lilikuwa sawa na lake.

Vaimoana alikuwa amekaa mstari wa nyuma, vidole vyake vikipapasa ukingo wa kiti. Alijua kuna kitu kimetoka, hakujua ni nini. Baada ya mazoezi alimfuata Losaline.

"Umelipamba vizuri mno, dada. Mimi nisingeweza."

"Usingeweza," Losaline alisema.

"Ila sasa halinichomi. Labda nimelisikia mara nyingi."

"Labda halikuwa na kitu."

Vaimoana aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea habari aliyokuwa akiitarajia. Akasema kama ni hivyo, yeye mwenyewe atamwambia shangazi arudishe kiitikio cha Losaline, maana kinapendwa. Hakuwa anatania. Alikuwa tayari kukiachia, hivihivi, kitu ambacho mwenzake asingekiachia hata akikatwa mkono. Losaline alimchukia kwa hilo kuliko kwa wimbo wenyewe. Na alielewa kwamba jina la punake lilikuwa mbele yake, linangoja aseme ndiyo.

"Usimwambie kitu," alisema. "Hujui hata kilicho chako."

Siku ya sherehe uwanja wa shule ulijaa hadi kwenye ua. Losaline alisimama mbele ya kwaya akiwa amefunga ta'ovala, mkeka wetu wa heshima, kiunoni. Ubeti wa kwanza ukaisha. *Nani alikuamsha?* Wanaume walivuta pumzi kwa ajili ya "ooo" yao, naye akawainulia kiganja kilichofungwa. Walimtazama kwa mshangao, wakanyamaza.

Pigo likapita wazi.

Hakuna aliyesema mālie. Mwalimu mkuu wa zamani alikuwa anaangalia viatu vyake. Kwenye mikeka walikokaa watu majina yalianza kutoka, kwa sauti za chini, kila mtu na lake: mama, Sione, bibi, Luseane. Ubeti wa pili yakatoka mengine. Ubeti wa tatu mwanamume mmoja aliyerudi majuzi tu kutoka mashamba ya ng'ambo alisimama na kwenda kujificha nyuma ya tangi la maji.

Losaline alikuwa ameupa umati mgongo, hivyo wengi hawakuuona uso wake. Sisi wanawake wa ngatu, tuliokaa nyuma ya kwaya, tuliuona. Kwenye pigo la tatu midomo yake ilicheza, bila yeye kuiruhusu, na tulisoma jina la mtu aliyelala naye mkeka mmoja utotoni na kumwamsha kila asubuhi kwa kumpulizia sikioni.

Aliikaza midomo mara moja. Wimbo ulipokwisha, shangazi alimwita Vaimoana mbele kwa jina la babu yao, punake, na watu wote wakapiga makofi. Losaline alipiga pia. Alipiga kwa nguvu kuliko wote, akimtazama dada yake, na macho yake hayakuwa yamesamehe chochote.