Vibati vya Mwalimu Asukile

Jumatatu ile Mwalimu Asukile alipoanza kutokuwepo, ubao wa ratiba ulisema yuko maabara na Kidato cha Nne. Wanafunzi nao waliuamini. Walikaa kwenye viti vyao virefu, wakafungua vitabu, wakasubiri kwa adabu mpaka kengele ya kipindi cha pili ikalia. Wakati wa uji ndipo habari zilipofika kutoka Mbeya: lori alilopanda akirudi kutoka kwao Tukuyu, alikokwenda kumwona mama yake, lilikuwa limeacha barabara kwenye ukungu, ng'ambo ya Chimala. Hakufika hospitali.

Mwalimu Rozalia, aliyefundisha hesabu, alisikia habari hizo akiwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani, akaenda Kidato cha Pili, kwa sababu ubao ulisema yuko huko.

Ubao huo walikuwa wameutengeneza wawili, yeye na Asukile, likizo ya Juni. Kabla yake shule ile ya milimani, nje kidogo ya Iringa, ilikuwa na njia yake ya kugundua migongano ya ratiba: watu waligongana. Kila mwanzo wa muhula vidato viwili vilikutana mlangoni mwa maabara, vimebeba vitabu, kila kimoja kikiwa na haki yake. Au mwalimu mmoja alisubiriwa na madarasa mawili, akachagua lililo karibu na chumba cha chai. Ratiba ilifutwa na kuandikwa upya, na kufikia mwezi wa pili ilikuwa imeanza kueleweka, yaani mitihani ilikuwa imekaribia.

Asukile alichukua ubao mpana kuliko mlango akaugawa miraba. Kila kipindi cha juma kilipata safu yake ya kwenda chini, kuanzia Jumatatu asubuhi mpaka Ijumaa mchana. Juu aliweka mistari ya madarasa. Chini, mistari ya walimu, kisha ya vyumba vinavyogombewa, yaani maabara, karakana na chumba cha ramani. Kila mraba ukapigiliwa misumari. Halafu wakakata mikebe ya mafuta ya kupikia ikawa vibati vidogo vyenye tundu. Rozalia aliandika majina kwa rangi, na nyuma ya kila kibati akaandika siku na kipindi chake. Mwalimu alipewa kibati kimoja tu kwa kila kipindi, na chumba vivyo hivyo. Ukitaka Asukile afundishe Kidato cha Nne Jumanne kipindi cha tatu, unatoa kibati chake cha wakati huo kwenye mstari wake, unakipandisha kwenye mraba wa darasa, pamoja na kile cha maabara. Mwingine akija kumtaka Asukile saa hiyohiyo, anakuta msumari mtupu. Hapo hapo anajua, bila kupekua karatasi wala kuuliza mtu.

"Hauna akili hata kidogo," Asukile alisema siku walipoutundika ofisini. "Ndiyo maana hautatudanganya." Kisha akamshukuru kwa kile Kinyakyusa chake, "Ndaga, mwalimu," akafuta rangi iliyokuwa kwenye kidole cha Rozalia kwa leso yake. Wakaenda kunywa chai. Ni hayo tu, na kwa hayo hakuna mtu anayepewa pole.

Kwenye mazishi shule iliwakilishwa vizuri. Mkuu wa shule, Ndugu Liberatus, alipanga mwenyewe nani apande lori: wajumbe wa tawi la chama, kwaya, wasimamizi wa shamba, na kiti chake cha mgongo, maana hotuba yake ilikuwa ndefu. Rozalia aliambiwa abaki, ana vipindi. Ilikuwa kweli, vibati vyake vilikuwa juu.

Walioenda walirudi wakisema mkuu aliongea vizuri sana, hasa kuhusu upungufu wa majembe.

Kwa wiki mbili vibati vya Asukile viliendelea kuning'inia kwenye miraba ya madarasa, na ubao haukuona kosa lolote. Uliweza kumgundua mwalimu aliye mahali pawili. Asiyekuwepo popote haukumjua. Kidato cha Nne walikaa maabara wakisubiri, na Novemba ilikuwa na mtihani wa taifa.

Rozalia alikwenda kwa mkuu. Alimwomba jambo moja: mkoa uambiwe kwamba shule haina mwalimu wa fizikia, ili mwingine aletwe. Kwake hilo halikuwa kubwa. Kwa Ndugu Liberatus lilikuwa kubwa mno, kwani siku chache nyuma alikuwa amepiga simu mkoani na kutamka kwamba masomo yote yanaendelea, hakuna pengo, shule imejitegemea kwa mahindi na sasa inajitegemea kwa walimu. Walimpongeza. Mtu aliyekwisha kupongezwa hawezi kurudi kuomba.

"Fizikia utaichukua wewe," alimwambia. "Hesabu na fizikia ni watoto wa tumbo moja."

Rozalia alimsogeza mbele ya ubao, akamwonyesha mstari wake. Kwenye kila kipindi cha fizikia cha Kidato cha Nne, msumari wake ulikuwa mtupu. Saa hizo alikuwa Kidato cha Pili au cha Tatu. Ndugu Liberatus aliitazama misumari ile kwa makini sana, kama mtu anayekagua ghala.

"Naona," alisema. "Vibati havitoshi."

Rozalia alidhani ni utani. Akaeleza tena, polepole, kama anavyowaeleza Kidato cha Kwanza: msumari ukiwa mtupu, maana yake mwalimu ameshatumika, si kwamba kibati kimepungua, mwalimu ndiye amekwisha.

"Mwalimu Rozalia," alisema mkuu, "nchi hii haikujikomboa ili ije itawaliwe na mikebe ya mafuta."

Akamwita fundi wa karakana, Mzee Yunusu, akaagiza vibati vya ziada: vya Rozalia, vya maabara, na vya yeyote aliyeonekana kupungua, viwe vingi, visiishe tena njiani. Yunusu alivikata. Alipovileta hakumtazama Rozalia usoni. Alisema tu, "Mwanangu, nimeagizwa," na Rozalia akajibu kwamba anajua.

Baada ya hapo ubao ulipendeza. Kila mraba wa darasa ulikuwa na kibati, na chini hapakuwa na msumari mtupu hata mmoja. Vibati vya Asukile vilirudishwa kwenye mstari wake, vyote. Mkuu alikataza visiondolewe kabla ya maelekezo kutoka juu. Akawa mwalimu pekee mwenye nafasi juma zima.

Rozalia alianza kufundisha kwa miguu. Aliandika mafumbo ya hesabu Kidato cha Pili, akakimbia maabara, akaeleza mwanga unavyopinda kwenye maji mpaka ukapinda nusu, akarudi Kidato cha Pili kukuta mtu amekaa dirishani. Maabara nayo, ikiwa imezaliana, ilipokea vidato viwili kwa wakati mmoja. Siku moja Kidato cha Nne walipima uzito wa maji huku Kidato cha Tatu wakipasua vyura, na chura mmoja ambaye hakuwa amelala vizuri aliingia kwenye mizani. Wanafunzi walisema ndilo somo la fizikia walilolielewa kuliko yote muhula huo.

Ndugu Liberatus alifurahi mno, akaalika mkoa uje kuona ubao. Akaja mkaguzi, Ndugu Muhidini, mzaliwa wa Iringa mjini, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ilikuwa Jumatano, kipindi cha tatu. Mkuu alisema ubao umebuniwa chini ya uongozi wake, kisha akatuma mtu amwite Rozalia aje kueleza unavyofanya kazi, maana yeye alikuwa hajauelewa na hakuona sababu ya kuuelewa.

Rozalia aliingia ana vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Alijua kwamba mkaguzi akiondoka na picha ya ubao uliojaa, nafasi ya fizikia itakuwa imefungwa kabisa. Lakini hakuulizwa habari za fizikia. Aliulizwa ubao unafanyaje kazi. Basi akaeleza hilo tu, kama Asukile alivyokuwa akieleza: mwalimu mmoja, kipindi kimoja, kibati kimoja. Kikiwa juu, chini hakipo. Ukikuta msumari mtupu, mtu huyo hapatikani.

"Kumbe," alisema Ndugu Muhidini. Alikuwa mtu wa kupenda kujaribu vitu. "Huyu Asukile mbona hajatumika hata mara moja? Wenzake wote wamejaa."

Mkuu akakohoa. Akasema alifariki, mwezi uliopita, mzalendo halisi, pengo lake limezibwa.

"Pole sana," mkaguzi alisema, lakini alimtazama Rozalia alipoisema. Ilikuwa pole ya kwanza. Rozalia akainamisha kichwa.

Halafu mkaguzi akafuata kwa kidole safu ya Jumatano kipindi cha tatu, kuanzia juu. Kidato cha Pili, hesabu: Rozalia. Kidole kikashuka. Kidato cha Nne, fizikia, maabara: Rozalia. Kikaendelea mpaka chini, kwenye mstari wa Rozalia mwenyewe, ambako msumari ulipaswa kuwa mtupu. Kilikuwapo kibati kingine, kipya, kinang'aa.

"Mwalimu Rozalia ndiye nani?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Sasa hivi uko wapi?"

"Niko hapa, Ndugu Mkaguzi."

"Basi wewe wa hapa ni wa nne," alisema Ndugu Muhidini.

Mkuu alianza kueleza juu ya akiba, kwamba shule makini haikosi akiba. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba Rozalia aondoe vyote vilivyoongezwa. Haikuwa kazi ngumu. Maandishi ya vibati vile vipya hayakuwa ya mkono wake. Vilipotoka, miraba ya fizikia ya Kidato cha Nne ilibaki na kibati cha maabara peke yake, kila siku iliyokuwa na somo, na hata mtu aliyesimama mlangoni angeyaona mashimo yale. Mwishowe aliondoa mstari wa Asukile. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna aliyemzuia. Alivitungia uzi vibati vile, akavitia mfukoni mwa sweta.

Kwenye mkutano wa asubuhi iliyofuata, Ndugu Liberatus aliitangazia shule kwamba kutokana na uongozi imara na ubao wa kisasa, uongozi umegundua upungufu wa mwalimu mmoja. Wanafunzi walipiga makofi. Kidato cha Nne walipiga kwa nguvu zaidi. Wao walikuwa wamegundua zamani kidogo.

Mkoa umeiandika nafasi kuwa wazi. Mwalimu mpya amepangwa, yuko njiani, na amekuwa njiani tangu Agosti. Kidato cha Nne wanasoma fizikia Jumamosi wakitoka shambani, na Rozalia ndiye anayewafundisha. Jumamosi haina safu kwenye ubao.