Pengo la Kumi na Tano

Mimi na hesabu hatugombani. Huwa nagombana na watu wanaotaka hesabu iseme wanachotaka wao, na siku ile, saa mbili na robo asubuhi, niligundua kwamba mmoja wao ni mimi mwenyewe.

Kamati ya maadili ya hospitali ilikuwa ikutane saa nne. Mezani kwangu, katika ofisi ya utafiti ambayo zamani ilikuwa stoo ya mashuka, kulikuwa na itifaki, yaani andiko la mpango, ya jaribio la kidonge kipya cha maambukizi ya figo. Wagonjwa wetu hulazwa siku saba wakichomwa sindano. Daktari bingwa wa figo, aliyenifundisha chuoni na baadaye akaniajiri, alitaka kuonyesha kwamba wanaweza kumeza kidonge wakiwa kwao. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mimi, mtakwimu wake, nilikuwa nimekalia kuti kavu: mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na jaribio likikataliwa hapakuwa na jingine.

Jaribio la namna hii halidai kwamba kidonge ni bora kuliko sindano. Linadai tu kwamba hakijazidiwa sana. Kwa hiyo unaanza kwa kukituhumu: unachukulia kwamba kinaponya watu pungufu kwa kumi na watano au zaidi katika kila mia, kisha unauachia ushahidi ukisafishe, ukiweza. Matokeo yakija hutosheki na tofauti uliyoiona. Unauliza, kwa bahati mbaya kabisa ambayo takwimu zinaruhusu, upungufu unaweza kufika wapi? Ukifika kumi na tano, kidonge kimeshindwa kujisafisha. Hiyo kumi na tano tuliiita pengo, na lazima uitetee kabla mgonjwa wa kwanza hajameza chochote. Ukingoja matokeo, kila mtu atakuwa na pengo lake analolipenda.

Nilidhani nimeitetea vizuri. Katika majaribio ya zamani, sindano iliponya watu sabini na wanne katika mia, tukikadiria kwa ubahili. Wasiopata dawa ya maana walipona arobaini na wanne, tukikadiria kwa ukarimu. Hakuna anayemwacha mgonjwa wa figo bila dawa ili amhesabu, hivyo namba hii tuliitoa kwa watu wa miaka ya nyuma waliopewa dawa ambayo vijidudu vyao vilikuwa sugu kwayo. Tofauti ni thelathini, na hiyo ndiyo faida ya sindano. Tukakubali kupoteza nusu yake. Kwa pengo la kumi na tano tulihitaji wagonjwa mia tatu. Kwa kumi wangekuwa mia sita sabini na wanne, na mfadhili alishasema mia tatu ndio mwisho wake.

Asubuhi ile nilifungua makala ya zamani ili nihakikishe namba ya ukurasa tu. Chini ya jedwali palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Arobaini na wanne walihesabiwa siku ya tano. Sabini na wanne wetu wa sindano walihesabiwa siku ya kumi na nne.

Safu ya pembeni ilikuwa na siku ya kumi na nne. Miili ya watu ilikuwa imeendelea kujipigania: waliopona bila dawa ya maana walifika hamsini na wanane.

Sabini na nne toa hamsini na nane. Kumi na sita. Faida yote ya sindano ilikuwa kumi na sita, nami nilikuwa naomba ruhusa ya kupoteza kumi na tano. Kidonge kingeweza kupita kwa vigelegele huku kikimzidi mgonjwa asiyetibiwa kwa mtu mmoja katika mia.

Nilimkuta Daktari koridoni, tai imekaa sawa, anatania na wauguzi.

"Mtakwimu wangu! Mbona umekunja uso kama risiti ya juzi?"

"Daktari, pengo halisimami." Nikamwonyesha jedwali. "Nimelinganisha siku ya tano na siku ya kumi na nne. Ni kosa langu."

Alitazama ukurasa kwa muda mfupi mno. "Tukirekebisha?"

"Nusu ya kumi na sita ni nane. Wagonjwa elfu moja na hamsini na wawili."

"Hilo si jaribio, mama, hiyo ni sensa." Akanirudishia karatasi. "Kumi na tano ni ya kawaida. Wengine wameitumia. Twende."

"Wengine hawakuwa na jedwali hili."

"Twende, nimesema."

Nikaenda. Naona haya kuliandika, lakini nilikwenda, na nikakaa kando yake kama mtoto mwema.

Mwenyekiti, mfamasia mstaafu mwenye miwani ya kamba, aliuliza kwa nini kumi na tano. Daktari akajibu kwa ufasaha, akizitaja sabini na nne na arobaini na nne, hadi nikatamani awe sahihi. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akanyoosha mkono mwakilishi wa jamii, fundi cherehani aliyewahi kulazwa wodi yetu ya figo mara mbili.

"Mimi si msomi," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Hao arobaini na wanne waliopona wenyewe, ukiwasubiri kidogo, si wataongezeka?"

Daktari alikohoa. "Hizo ndizo takwimu tulizonazo, dada yangu."

Alikuwa amesema uongo, na kwa namba zangu. Hasira ilinipanda kabla ya ujasiri, na nashukuru ilitangulia. Nikapiga moyo konde, nikasimama.

"Wanaongezeka," nikasema. "Wanafika hamsini na wanane. Mimi ndiye niliyenakili safu isiyofaa. Pengo hili haliwezi kutetewa."

Nilieleza yote, hadi kwenye elfu moja na hamsini na wawili. Mwenyekiti akavua miwani, akaifunga itifaki na kusema imerudishwa, na kwamba wakati mwingine tuonyeshe hesabu zetu kabla hazijaulizwa.

Ngazini machozi yalinishinda. Nilijua mfadhili ataondoka, na mimi nyuma yake. "Nisamehe, mwalimu," nikasema. "Miezi minne nimekaa na lile jedwali, sikuona."

Daktari alikaa kwenye ngazi, na suti yake nzuri. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Mimi niliona," akasema. "Mwezi wa pili wa kazi hii. Nikajisemea, kama wewe hujaliona kosa, hakuna atakayeliona."

Machozi yalikauka hapo hapo. Miezi ile yote alipokuwa akinisifu mbele za watu, alikuwa akinipima kama kuna hatari nitaamka.

"Nitakuandikia barua ya mapendekezo," akasema haraka. "Nzuri sana. Utapata kazi popote."

"Usiniandikie mimi," nikamwambia. "Waandikie kamati. Waambie ulijua."

"Ujue unachoniomba. Miaka thelathini na mbili ya kazi."

"Najua. Mule ndani nimesema kosa ni langu peke yangu."

Alinitazama akimtafuta yule mwanafunzi wake. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaomba karatasi. Nilikuwa na itifaki tu, nikampa ukurasa wa mwisho, upande usioandikwa. Akauweka juu ya goti, akaandika mistari mitatu, akasita kwenye sahihi.

Watu walipanda na kushuka, wakatupisha, wakatusalimu. Sikuondoka hapo mpaka aliposaini.