Tawi la Ndiyo

Walikuwa wasahihishaji sitini katika bwalo la chuo cha ualimu, meza kumi, watu sita kila meza. Viti vilikuwa vya mbao, na kufikia siku ya tatu kila mtu alikuwa amekalia kitu: sweta, kitambaa, au gazeti lililokunjwa. Karatasi za mtihani wa kompyuta zilikuja zimefungwa kwa kamba, hamsini hamsini, na kila meza ilipewa swali lake. Meza ya nne ilipewa swali la saba.

Katika meza hiyo alikuwapo mwalimu mmoja mwanamke, wa miaka arobaini na kitu, ambaye wenzake walimwita Rula. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuwa mtu wa kupinda. Mwongozo wa kusahihisha ukisema alama mbili, ni mbili. Hata mtahiniwa angeandika kwa machozi asingepata ya tatu. Alikuwa mwepesi na hakosei kujumlisha, na wakubwa walimpenda kwa hilo. Mwaka uliotangulia yeye peke yake alimaliza mafungu ishirini na mawili.

Swali la saba lilikuwa fupi. Mtahiniwa achore chati mtiririko, kisha aandike msimbo bandia, yaani hatua zilezile kwa maneno, wa programu itakayotoa namba hizi: 5, 10, 15, 20. Basi. Mwongozo ulionyesha chati moja tu. N inaanza na tano. Kisha kuna almasi, lile umbo la kuulizia: *Je, N ni ndogo kuliko 20?* Tawi la Ndiyo linakwenda kuandika N, kuiongeza tano, na kurudi kwenye almasi. Tawi la Hapana linakwenda Mwisho. Chini yake palikuwa na maneno kwa wino mzito: *Uamuzi, alama nne: sharti alama mbili, matawi alama mbili. Tawi la Ndiyo lisipoelekea Andika, sehemu yote ya uamuzi ipewe sifuri.*

Kanuni hiyo ya tawi la Ndiyo Rula aliijua kwa moyo. Ilikuwapo mwaka jana pia, neno kwa neno.

Asubuhi ile alikuwa akishuka na fungu lake kama mtu anayechambua mchele. Akafika kwenye karatasi ya mtahiniwa aliyechora almasi yake hivi: *Je, N ni kubwa kuliko 20?* Ndiyo ilikwenda Mwisho. Hapana ilikwenda Andika. Kalamu nyekundu ya Rula ikashuka kuweka sifuri, ikasita. Mtahiniwa yule alikuwa ameacha pembeni jedwali dogo la penseli, safu ya N na safu ya kinachoandikwa, akaifuata chati yake hatua kwa hatua. Tano si kubwa kuliko ishirini, andika tano. Kumi, andika. Kumi na tano, andika. Ishirini si kubwa kuliko ishirini, andika ishirini. Ishirini na tano, naam, ni kubwa, mwisho.

5, 10, 15, 20. Hakuna pungufu, hakuna ziada.

Rula aliliangalia jedwali lile kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo miaka yote hakuwahi kulifanya kwa mwongozo: akaufuata nao kwa penseli. Tano ni ndogo kuliko ishirini, andika. Kumi, andika. Kumi na tano, andika, ongeza tano. Sasa N ni ishirini. Je, ishirini ni ndogo kuliko ishirini? Hapana. Mwisho.

Ishirini haikuandikwa. Mwongozo wa mtihani ulitoa namba tatu badala ya nne.

Akarudia, akidhani macho yamechoka. Ikatoka vilevile. Akafungua karatasi alizokwisha kusahihisha, akapata moja aliyoipa alama mbili za matawi. Mtahiniwa wa karatasi hiyo aliuliza kama N ni kubwa kuliko ishirini, halafu akaipeleka *Ndiyo* kwenye Andika na *Hapana* kwenye Mwisho. Tano si kubwa kuliko ishirini, basi programu inakufa kabla ya kutamka namba hata moja. Na yeye Rula alimpa mbili kwa sababu mshale wa Ndiyo ulielekea alikoambiwa uelekee. Aliyekosea kapewa, aliyepatia kanyimwa.

Hapo ndipo lilipomjia la mwaka jana.

Mdogo wake, mtoto wa mwisho kwa mama yao, alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ndogo ya pembezoni. Aliwafundisha wanafunzi wake kuuliza kwanza mwisho uko wapi. "Ukijua pa kusimama," alikuwa akisema, "huwezi kupotea njiani." Kwa hiyo almasi zao zote ziliuliza *je, imepita?* na Ndiyo zao zote zilikwenda Mwisho. Mwaka jana watoto arobaini na mmoja wa shule ile walianguka katika swali kama hilo kwa pamoja, kama waliosukumwa ukutani. Mkuu wa shule akamwita, bodi ikamwita, akanyang'anywa somo akapewa kusimamia stoo ya madawati. Akavumilia miezi miwili, kisha akaandika barua ya kuacha kazi.

Na Rula? Siku moja wakiwa wamekusanyika kwa mama yao, mdogo wake alichora chati juu ya bahasha akamsogezea. "Dada, wewe husahihisha. Hebu ifuate hii, uniambie kosa liko wapi." Rula hakuifuata. Alimjibu mbele ya mama, mbele ya shemeji, mbele ya watoto: "Kosa ni kwamba unafundisha vya kwako. Mwongozo unasema Ndiyo iende kwenye kazi. Umewaponza watoto wa watu kwa ujuaji." Mdogo wake aliikunja bahasha akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa mama siku ambayo dada yake yupo.

Rula aliinuka na karatasi mbili mkononi, akamwendea kiongozi wa jopo, mwanamume mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyekuwa amekaa jukwaani na chai yake.

"Mkuu, mwongozo wa swali la saba una kasoro."

"Kasoro gani tena siku ya tatu?"

Akamwonyesha. Mzee yule hakuwa mjinga. Alichukua kalamu, akafuata, na alipofika ishirini akavua miwani.

"Ilitakiwa 'ndogo kuliko au sawa na'," alisema polepole. "Mpiga chapa kaila alama."

"Hilo la kwanza. La pili ni kanuni ya tawi. Huyu kauliza swali kinyume, kayageuza na matawi, na jibu lake ni sahihi. Kanuni inasema sifuri."

Kiongozi akaita viongozi wa meza, wakanong'ona kama robo saa. Aliporudi alikuwa na jibu.

"Sharti tutalirekebisha. Atakayeandika 'au sawa na' apewe, na karatasi zilizopita zipitiwe upya. Kanuni ya tawi inabaki."

"Inabaki vipi, mkuu, nawe umeona?"

Alimvuta pembeni, karibu na dirisha la jikoni ambako masufuria yalikuwa yakioshwa kwa kelele. "Mwanangu, nisikilize. Kosa la chapa ni kosa la chapa, halina mwenyewe. Lakini kanuni ile ilikuwapo mwaka jana. Nikiifuta leo, kesho nitaulizwa: na wale wa mwaka jana? Matokeo yametangazwa, vyuo vimeshachukua watu. Nani atafukua hayo?"

"Kwa hiyo unajua."

"Najua nini? Mimi najua mwongozo. Na wewe kwa mwongozo ndiye wa kwanza hapa, ndiyo maana ninakuheshimu. Nenda kakae, malizia fungu lako."

Rula alirudi kwenye kiti. Jirani yake, mwalimu mcheshi aliyependa kuimba chinichini, alimwuliza, "Vipi, Rula? Umepinda?" Meza nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Aliandika kurasa mbili. Akapanga majedwali matatu: la mwongozo, la mtahiniwa aliyepatia, la aliyekosea. Akaeleza kwamba jibu linapimwa kwa kinachotoka, na kwamba haidhuru mshale umeelekea wapi ikiwa swali na matawi vinakubaliana. Akatia sahihi, akampelekea kiongozi wa jopo. Fomu ya kuthibitisha mafungu yake hakuisaini.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa getini na begi lake. Fungu lake lilipewa yule mwimbaji, akalimaliza siku hiyohiyo.

Ilimchukua wiki mbili kupata ujasiri wa kwenda kwa mdogo wake. Siku hizi alikuwa akikata vioo katika kibanda cha mtaa wa mafundi. Alimkuta ameinamia meza iliyotandikwa zulia, akipitisha kikata kioo kwenye mstari, na kioo kikakatika kwa mlio mmoja mwembamba.

"Karibu, Mwalimu," alisema bila kuinua kichwa. "Angalia unapokanyaga, kuna vipande."

*Mwalimu.* Tangu wakiwa watoto hakuwahi kumwita ila Dada.

Rula alieleza yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Alieleza mwongozo, tawi, kiongozi wa jopo, kurasa mbili. Mwisho akasema, "Ulikuwa sahihi. Watoto wako walikuwa sahihi. Nisamehe, mdogo wangu."

"Karatasi za shule yangu zilisahihishwa na nani?"

"Sijui. Shule zinafichwa, ni namba tupu."

"Lakini huenda ni wewe."

"Huenda ni mimi."

Alifuta vumbi la kioo kwa brashi, taratibu, kuelekea upande wake mwenyewe. "Kuna binti mmoja pale shuleni," alisema, "alipungukiwa alama tatu kuingia chuo. Tatu. Sasa ameolewa. Nilipokutana naye aliniamkia vizuri, akaniuliza, 'Mwalimu, tulikosea wapi?' Nikamwambia sijui. Maana nilishaanza kuamini kwamba sijui."

"Nimeandika barua. Huenda wakaisikiliza."

"Jedwali la kufuata chati yangu lingekuchukua dakika ngapi, siku ile kwa mama?"

Wote wawili walikuwa walimu. Walijua ni dakika mbili.

Akaingia mteja na vipimo vya dirisha. Mdogo wake akamgeukia na kumchangamkia kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani. Rula akangoja. Alipoona amechukua kioo kingine na kuanza kupima, akatoka.

Alipita kwa mama yao. Mama alikuwa akikunja nguo kitandani.

"Mama, mwanao hakuwaponza watoto wa watu. Alifundisha sawa. Mimi ndiye niliyesema bila kuangalia."

Mama aliendelea kukunja. "Mimi niliwaambia majirani kwamba amefukuzwa kwa ujeuri," alisema hatimaye. "Nilisema dada yake kathibitisha, na dada yake ndiye anayejua." Akaliweka shuka juu ya rundo. "Sasa nizunguke nyumba ngapi?"

Matokeo yalitoka baada ya miezi mitatu. Barua ya kurasa mbili haikujibiwa. Orodha ya wasahihishaji wa mwaka uliofuata ilipobandikwa kwenye ofisi ya elimu, Rula aliisoma mara mbili, kutoka juu hadi chini, na jina lake halikuwamo. La yule mwimbaji lilikuwamo, tena kama kiongozi wa meza ya nne.