Kiungo cha Chapuchapu

"Bomba nikiligusa mimi, dada, hata likitaka kuvuja linaniomba ruhusa kwanza."

Maneno hayo Chapuchapu aliyasema amesimama kwenye mlango wa saluni ya dada yake, kopo la gundi mkononi, jasho halijamtoka hata tone. Bomba la plastiki linaloleta maji kwenye beseni la kuoshea nywele lilikuwa limepasuka nyuma ya saluni, na yeye alikuwa amelimaliza kabla chai haijapoa. Ndiyo maana jina lake halisi watu walishalisahau.

Dada mtu alimtazama kwa jicho la pembeni. "Una uhakika? Leo anakuja nani, unajua."

Alijua sana. Alikuwa anakuja mama wa binti ambaye Chapuchapu alitaka kumuoa. Mama huyo alikuwa mwepesi wa kucheka ila hakuwa na subira na mtu wa kulipua kazi ilimradi iishe. Binti alishamwonya: "Mama akikuona unalipua, hata nikilia machozi ya damu hatakubali." Mama mwenyewe alikuwa amesema atakuja kutengeneza nywele na, papo hapo, kumtazama huyo kijana vizuri.

"Maji tayari," Chapuchapu akasema. "Wewe mpake dawa."

Mama alipofika, dada akampaka. Ile dawa ya kulainisha nywele haina mzaha: muda wake ukifika lazima ioshwe kwa maji mengi, la sivyo kichwa kinaungua. Mama alikaa kwenye kiti, taulo mabegani, kichwa cheupe kwa dawa, anapiga soga kama yuko kwake. Chapuchapu akamwamkia shikamoo kwa unyenyekevu wote aliokuwa nao, kisha akaenda nyuma kufungua koki. Nyuma kulikuwa na kichochoro chembamba kati ya ukuta wa mbao wa saluni na ukuta wa jirani. Mtu wa kawaida anapita kiubavu, na Chapuchapu alikuwa mnene kidogo kuliko mtu wa kawaida.

Akajipenyeza, akazungusha koki. Maji yakashuka kutoka kwenye tangi la juu ya paa. Kiungo alichokiunga asubuhi kikatoa jasho, kisha tone, kisha uzi wa maji uliomlenga moja kwa moja puani. Akachukua kopo haraka, akapaka gundi kwa nje, akaizungushia kama anayepaka siagi kwenye mkate. Maji yakaisukuma gundi, ikaning'inia kama kamasi. Halafu bomba, taratibu kabisa, likaanza kurudi nyuma kutoka kwenye soketi, kile kipande cha kuunganishia.

Akalishika kwa mikono miwili, akalisukuma ndani.

"Kaka," sauti ya dada ikapita kwenye mbao, tamu kwa ajili ya mgeni lakini yenye miiba ndani, "naanza kumuosha mama sasa. Inaanza kumchoma."

Hapo ndipo aliponaswa. Akiachia, bomba linachomoka na beseni linakauka. Akifunga koki, ni yale yale. Akipiga kelele, mama anasikia. Akabaki amekumbatia ukuta, goti limebanwa, tumbo limebanwa, maji yanamwingia kwenye kola na kutokea kwenye soksi.

"Endelea tu, dada," akajibu. "Maji si yapo?"

"Yapo, ila yanakuja kwa kusitasita."

"Yanazoea."

Mama akacheka kule ndani. "Kijana, mbona umejificha huko? Njoo tuongee."

"Naangalia kazi, mama. Sipendi kuacha kazi kabla sijaridhika nayo."

"Aa, hapo umenena. Niambie basi, binti yangu akikukasirikia utafanya nini?"

"Nitashikilia, mama." Kiungo kikamteleza kidogo, akakaza meno. "Nitashikilia mpaka hasira zipite."

"Huyu naye," mama akamwambia dada, "anajibu kama mtu mzima anayebeba mzigo."

Upande wa pili wa kichochoro kulikuwa na dirisha la mshonaji, mwanamke mmoja wa makamo ambaye cherehani yake ilitulia ghafla. Akachungulia. Akamwona Chapuchapu shavu limebandikwa ukutani.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "unalibembeleza bomba au linakubembeleza wewe?"

Chapuchapu alikuwa hana mkono wa kuweka kidole mdomoni ili amnyamazishe. Akamkonyeza, akamkunjia uso, akamtolea macho. Mshonaji akatikisa kichwa na kurudi kwenye mshono wake, lakini dirisha hakulifunga.

Kuosha kichwa kimoja hakujawahi kuchukua muda mrefu namna ile. Mwishowe dada akasema, "Tumemaliza, mama, hakuna dawa tena." Chapuchapu akaachia, bomba likachomoka papo hapo, na kabla hajaifikia koki alikuwa ameshaoga.

Akakitazama kiungo, na aibu ikamshika, maana hakuna alichokuwa hakijui. Asubuhi bomba lilikuwa bado linachuruzika naye akalipaka hivyo hivyo. Hakulipiga msasa wala hakulifuta. Gundi ilikuwa ya kopo kuukuu, imeganda kama uji wa jana, akailainisha kijanja. Na bomba lilikuwa limeingia nusu tu ya soketi. Soketi iliyokwisha kupakwa gundi hairudiwi. Ni kukata na kutupa.

Akaenda duka la vifaa, akarudi na kopo jipya, soketi mbili na kipande cha bomba. Safari hii hakukimbia. Akafungua bomba la kwenye beseni, kule ndani, ili maji yaliyobaki yatoke yote. Akakata pande zote mbili za sehemu mbovu, kwa kunyooka, akakwangua vinyuzi vya plastiki vilivyobaki ukingoni. Akamwomba mshonaji vipande vya kitambaa kikavu, akakausha ndani na nje. Akaingiza kila kitu bila gundi kwanza, akaweka alama ya penseli pale bomba linapotakiwa kufika. Akapiga msasa, akafuta vumbi. Akalegeza vishikizo vya ukutani ili bomba lipate nafasi ya kuchezeka. Halafu ndipo akapaka gundi, juu ya bomba na ndani ya soketi, akalisukuma mpaka kwenye alama huku akilizungusha robo, akalishika. Likiachiwa mapema tu, linajisukuma lenyewe nyuma, kama lile la asubuhi.

Alikuwa ameshika kiungo cha mwisho mama alipotokea mwanzoni mwa kichochoro, taulo kichwani.

"Mbona unarudia?"

"Nilikuwa nalipima tu, mama. Halikuniridhisha."

Mama akasogea, akaona alama ya penseli, msasa, kitambaa. Uso wake ukalainika. "Na maji utafungulia saa ngapi?"

"Kesho, mama. Gundi lazima ikauke vizuri. Leo dada atatumia ndoo."

"Binti yangu aliniambia unaitwa Chapuchapu. Nikaogopa."

"Ni utani wa watu." Chapuchapu akaona mlango wa sifa umefunguka, akashindwa kujizuia kuuingia mzima mzima. "Mimi kazi yangu ndiyo hii siku zote. Kosa la asubuhi ni la gundi ya dukani tu, mama. Feki. Siku hizi wanatuuzia vitu vya ajabu."

Cherehani ikatulia.

"Feki ipi tena?" mshonaji akauliza dirishani, bila ubaya wowote, uzi mdomoni. "Si ile ya kopo lako la zamani, uliyoitia petroli ya jenereta yangu asubuhi, nikikuona hapa dirishani? Tena uliniambia unataka ya kutoa doa kwenye shati."

Mama akamgeukia Chapuchapu, polepole.

Naye angependa sana kuondoka pale, lakini kiungo kilikuwa bado hakijashika, na alijua vizuri kabisa kwamba safari hii hatakiwi kuachia.