Seli Isiyo na Ghala

Akiba huoza. Anayebisha akabishane na mwalimu wetu wa somo la seli, tuliyembandika jina la Bibi Hadubini. Alitufundisha hivyo katika chumba cha giza cha idara, picha mbichi za seli zikining'inia kwa vibanio vya nguo, dawa za kusafishia zikituwasha pua. Mimi na huyu anayeongoza idara sasa tuligombea kiti cha mbele kila siku.

"Nyie wagomvi, kingamwili inatoka wapi?"

"Kwenye seli ya plazima, Bibi."

"Hilo hata paka wangu analijua. Isindikizeni."

Tunaisindikiza. Jeni ndani ya kiini inanakiliwa, nakala inatoka kwa tundu la kiini, ribosomu, kiwanda kidogo cha protini, inaanza kuisoma. Mwanzo wa mnyororo wa protini ni kama anwani: unaipeleka ribosomu kwenye utando wa retikulamu, zile tabaka zilizokunjana ndani ya seli, mnyororo ukaingizwa ndani ungali unaundwa. Humo unakunjwa, minyororo miwili mizito inafungwa na miwili myepesi kuwa kingamwili moja, sukari inabandikwa. Uliokunjwa vibaya unatolewa ukavunjwe. Iliyo sawa inabebwa na vifuko hadi Golgi, penye kumalizia na kufungasha, halafu ukingoni mwa seli, inamwagwa nje.

"Maelfu kila sekunde, na zote lazima zipite humo. Mngekuwa nyie mngejenga nini?"

"Karakana, Bibi. Seli nzima iwe karakana."

"Ndizo hizo tabaka mnazoziona, zimejaa ribosomu. Na ghala?"

"Haina. Ikiisha kuundwa, inatoka."

Ghala ni la seli ya kongosho. Nayo imesheheni retikulamu, ila upande mmoja ina chembe nyeusi za vimeng'enya, zinazongoja chakula kiliwe.

"Atakayezichanganya hizi mbili," alisema, "asiniamkie."

Bibi alistaafu. Mwezi huu chumba kilipewa jina lake, na mkuu wa idara akatundika mlangoni picha kubwa, yenye tabaka za kupendeza kama mawimbi. Chini imeandikwa: seli ya plazima. Upande wa juu, chembe nyeusi tele.

Siku ya uzinduzi, kabla wageni hawajafika, nikapanda kiti, nikaishusha. Nikatundika ile ya seli ya plazima tuliyoisafisha na Bibi zamani, yenye ukungu pembeni.

"Dada, irudishe. Ile ilipendeza."

"Ilipendeza, lakini ni kongosho."

"Najua. Wageni hawatajua."

"Na Bibi?"

Akashusha sauti. "Bibi haoni vizuri siku hizi."

Bibi aliingia ameshika mkono wa binti yake. Akaisogelea picha mpaka pua ikagusa kioo, akaikagua kona hadi kona.

"Chembe ziko wapi?"

"Hakuna, Bibi," nikasema.

"Haya, niamkieni."

Tulimwamkia wote wawili, kama zamani. Wageni walipoondoka, mwenzangu wa kiti cha mbele akaniambia nimemwaibisha kwa kuishusha picha yake, kwa hiyo kwenye kikao cha idara nimwombe radhi.

Simwombi.